Andika Kilichochapwa, Si Unachokijua

Katika maabara nyingi za vituo vya afya, mwongozo wa kupaka rangi slaidi za malaria hubandikwa ukutani karibu na sinki, ndani ya plastiki iliyokwisha kupata madoa ya zambarau. Mfanyakazi mgeni huupiga picha kwa simu, kisha akipata nafasi huketi kuugeuza kuwa hatua fupi zenye namba, za kufuata akiwa mezani. Kazi yenyewe haichukui muda. Lakini hapo katikati, baina ya picha na orodha, kipimo kinaweza kubadilika bila mtu kugundua, na matokeo yake yakawa slaidi iliyofifia ambayo vimelea vyake havionekani.

Rangi hiyo ni Giemsa, iliyopewa jina la Gustav Giemsa, mkemia wa Hamburg, Ujerumani, aliyechapisha mchanganyiko wake mwaka 1904. Slaidi moja huwa na matabaka mawili ya damu. Tabaka nene ni la kutafutia vimelea, na tabaka jembamba ni la kutambua ni vya aina gani. Tuseme picha yetu ina aya hii:

"Changanya 3 ml za Giemsa mama na 97 ml za maji ya bafa, pH 7.2, kupata rangi ya 3%. Mimina juu ya slaidi, ambazo tabaka lake jembamba liwe limeshagandishwa kwa methanoli na kukauka. Acha 45–60 min. Suuza kwa maji ya bafa, simamisha zikauke. Methanoli isiguse tabaka nene."

Kabla ya kuandika hatua yoyote, hesabu vipimo. Hapa viko vitano: 3 ml, 97 ml, pH 7.2, 3% na 45–60 min. Viandike pembeni vilivyo, kwa sababu orodha yako ikikamilika lazima vyote vitano viwemo, kila kimoja mahali pake, na kisiongezeke cha sita.

Kinachofuata ni mpangilio. Aya haikuandikwa kwa mfuatano wa kazi. Kugandisha kwa methanoli kumetajwa katikati, ilhali hufanyika kabla ya rangi kumwagwa. Onyo kuhusu tabaka nene limewekwa mwisho kabisa, na anayelisoma baada ya kumaliza atakuwa ameshaharibu. Maji ya rangi yanatakiwa yapasue seli nyekundu za tabaka nene ili vimelea vionekane. Methanoli ikiligusa, seli hizo hugandishwa na hazipasuki tena. Kwa hiyo onyo linapanda juu, likae kwenye hatua linayoihusu:

1. ONYO: Methanoli isiguse tabaka nene. Gandisha tabaka jembamba kwa methanoli.
2. Acha tabaka jembamba likauke.
3. Changanya 3 ml za Giemsa mama na 97 ml za maji ya bafa, pH 7.2, kupata rangi ya 3%.
4. Mimina rangi juu ya slaidi.
5. Acha 45–60 min.
6. Suuza kwa maji ya bafa.
7. Simamisha slaidi zikauke.

Angalia kilichobadilika na kilichobaki. Maneno yamehama, sentensi ndefu imekatwa, na kila namba ina tendo moja kuu. Vipimo havikuguswa. "3 ml" haikuandikwa "mililita tatu", na "45–60 min" haikugeuzwa "karibu saa moja". Tena, ile 3% haikutupwa kwa kuwa ml tayari zimetajwa. Inasaidia kukagua: 3 na 97 ni 100, na 3 katika 100 ni asilimia 3. Kama ungekuwa umesoma 91 badala ya 97, hesabu ingekataa, nawe ungerudi kwenye picha.

Angalia pia kisichoongezwa. Aya haikusema tabaka jembamba likae kwenye methanoli kwa muda gani. Mtu mzoefu anaujua muda wake, na mkono utamwasha aujaze. Asiujaze ndani ya hatua. Kama anaona pengo hilo linahitaji kuzibwa, aandike swali chini ya orodha, lijulikane kuwa ni lake wala si la mwongozo.

Hapa ndipo kwenye hatari kubwa kuliko picha mbaya. Jicho likikosea, mara nyingi huacha alama: neno halina maana, au hesabu haitimii. Kichwa kikikosea, huacha maandishi safi yanayopendeza. Mtu aliyezoea kupaka rangi slaidi za damu kwa uchunguzi wa kawaida huenda anatumia bafa ya pH 6.8. Akikuta namba imefifia kwenye picha ya mwongozo wa malaria, ataandika 6.8 bila wasiwasi, kwa kuwa ndiyo anayoijua. Lakini kwa malaria inatakiwa 7.2, kwa sababu katika kiwango hicho vinukta vya Schüffner huonekana vizuri ndani ya seli zilizoingiwa na Plasmodium vivax au Plasmodium ovale. Bafa ikiwa na asidi zaidi, vinukta hivyo hufifia, na msomaji wa slaidi hukosa alama muhimu ya kutofautisha aina za vimelea. Hakuna atakayekumbuka kwamba kosa lilianzia kwenye kunakili.

Namba isiyosomeka, basi, huandikwa kuwa haisomeki. Weka "pH [haisomeki]" na urudi ukutani kuangalia. Kama ukuta uko mbali, mwombe aliyeko pale apige picha nyingine ya mstari huo peke yake, simu ikiwa sambamba na karatasi, kwa mwanga wa dirishani bila flashi, kwa sababu flashi hung'aa juu ya plastiki na kufuta maandishi. Picha ichukue pia kichwa cha karatasi, penye namba ya toleo, tarehe na namba ya ukurasa. Mwongozo wa kurasa mbili ulionakiliwa ukurasa mmoja huonekana kamili kabisa machoni pa asiyejua.

Majedwali yana mtego wao. Karatasi nyingi za Giemsa huweka njia mbili pamoja: ya polepole kwa rangi ya 3%, na ya haraka kwa rangi ya 10%, ambayo huchukua takriban dakika kumi tu. Picha ikipigwa kwa upande, mistari hupanda, na jicho linaweza kuanza safu ya 3% likaishia kwenye dakika za 10%. Slaidi iliyokaa dakika kumi kwenye rangi ya 3% hutoka imefifia. Weka rula au karatasi nyeupe juu ya skrini, usome safu moja hadi mwisho kabla ya kushuka. Kisha andika njia hizo kama orodha mbili tofauti, kila moja na namba zake kuanzia 1, wala usiandike orodha moja yenye maneno "au" katikati.

Alama ndogo nazo zinataka subira. Bafa yenyewe hutengenezwa kwa chumvi mbili za fosfeti: 0.7 g za KH₂PO₄ na 1.0 g ya Na₂HPO₄ katika 1000 ml za maji yaliyokenekwa. Nukta ya 0.7 ikipotea kwenye mkunjo wa plastiki, msomaji anabaki na 07 au 7, mara kumi zaidi. Sifuri ya 1.0 ikitupwa kwa kuonekana haina kazi, mpimaji haambiwi tena kwamba anatakiwa kupima hadi sehemu ya kumi ya gramu. Tena kuna nukta inayokaa katikati ya jina la chumvi. Kopo likiwa limeandikwa Na₂HPO₄·2H₂O, chumvi hiyo imebeba maji ndani yake, na gramu moja ina takriban gramu 0.8 tu za chumvi kavu. Ukinakili jina bila mkia wake, au ukauongeza mkia usiokuwepo, umebadilisha kipimo ingawa tarakimu zimebaki zilezile.

Koma nayo ina nchi yake. Mwongozo uliochapwa Nairobi au Dodoma ukisema 1,000 ml, ni elfu moja. Ule uliochapwa kwa Kifaransa, kama inayotumika Bujumbura au Bukavu, huandika 0,7 g kwa maana ya sehemu saba za kumi, hivyo 1,000 inaweza kuwa moja kamili. Usibadilishe koma kuwa nukta. Iache ilivyo, na juu ya orodha utaje lugha ya karatasi ya asili.

Lakini je, kama kilichochapwa chenyewe ni kosa? Hili hutokea. Shirika la Afya Duniani linapendekeza damu ya mikrolita 6 kwa tabaka nene, yaani 6 µl. Zamani alama ya µ ilichapwa mara nyingi kwa fonti iitwayo Symbol, ambayo humpa mwandishi µ anapobonyeza m. Faili hilo likifunguliwa pasipo fonti ile, µ hurudi kuwa m, na karatasi hutoka kwenye printa ikisema 6 ml. Hiyo ni damu mara elfu moja zaidi, isiyoweza kukaa juu ya slaidi yoyote.

Hata hapo, ndani ya hatua andika 6 ml, kisha mbele yake weka alama: "[Karatasi inasema 6 ml; aliyeitoa athibitishe kama ni 6 µl. Hatua hii isitumike kabla ya jibu.]" Anayeona ni ukaidi afikirie matokeo. Ukirekebisha kimyakimya, karatasi yenye kosa itabaki ukutani, na mwingine ataipiga picha kesho. Zaidi ya hayo, kosa hili linaonekana kwa sababu ni kubwa mno. Aliyezoea kusahihisha makubwa atasahihisha na madogo, na siku moja "atasahihisha" kilichokuwa sahihi.

Kazi ikiisha, ikaguliwe na watu wawili. Mmoja asome orodha kwa sauti, kila tarakimu na kila kizio: "tisini na saba, em-el", "saba nukta mbili". Mwingine asitazame orodha kabisa, macho yake yawe kwenye picha. Aliyeandika asijikague peke yake, maana atasoma alichokusudia kuandika. Wakimaliza, warudi kwenye ile hesabu ya mwanzo: vipimo vitano kwenye picha, vitano kwenye orodha.

Orodha iliyopita hapo iandikwe namba ya toleo la karatasi ya asili, tarehe ya kunakiliwa na majina ya wawili hao, na ikabandikwe kando ya mwongozo wenyewe. Isibandikwe mahali pake. Toleo jipya likitoka, orodha ya zamani ing'olewe siku hiyohiyo.