Mabano Yaliyomeza Moja

Watu saba wamekula kwa mama lishe. Kila mmoja kala wali wa shilingi 2,500 na kunywa soda ya 700. Mama lishe hahesabu wali peke yake na soda peke yake. Anajumlisha 2,500 na 700 apate 3,200, kisha anazidisha kwa 7: shilingi 22,400. Saba iliyokuwa kwenye wali na kwenye soda ameiweka nje, vilivyobaki akavifunga pamoja. Kwenye aljebra tunaandika 7w + 7s = 7(w + s).

Sasa tuchukue swali lenye mtego:

12x²y − 18xy² + 6xy

Tuanze na namba. Kigawo kikubwa cha shirika cha 12, 18 na 6 ni 6. Halafu herufi: kila fungu lina angalau x moja na y moja, kwa hiyo kinachotoka nje ni 6xy. Gawanya kila fungu kwa 6xy: la kwanza linabaki 2x, la pili −3y. La tatu je?

Hapa ndipo wengi huandika 6xy(2x − 3y) na kufunga daftari. Nadhani lugha yetu ina mkono wake katika kosa hili. Mwanafunzi akiambiwa "toa 6xy nje", anasikia kutoa kulekule kwa darasa la kwanza: 6xy toa 6xy, sifuri. Kumbe hapa tunagawanya, na 6xy ukiigawanya kwa 6xy unapata 1. Jibu ni 6xy(2x − 3y + 1).

Kosa hilo hujitokeza lenyewe ukifungua mabano. 6xy mara 2x ni 12x²y. 6xy mara −3y ni −18xy². Basi, yameisha. Swali lilikuwa na mafungu matatu, yamerudi mawili. Ukirudisha ile 1, 6xy inarudi mahali pake.

Alama nazo hukaguliwa hivyohivyo. Mtu akiandika −8a + 20 = −4(2a + 5), akifungua atapata −8a − 20, ajue ndani ilitakiwa 2a − 5.

Lakini kuna jibu ambalo ukaguzi huu hulipitisha, nalo halijakamilika. Andika 3x(4xy − 6y² + 2y), kisha fungua: 12x²y − 18xy² + 6xy, sawasawa na swali. Hakuna kilichopotea, ila kazi imeachwa njiani, maana ndani ya mabano kila fungu bado lina 2y. Kwa hiyo baada ya kufungua, rudi uchungulie yaliyomo ndani kama bado yana cha kushirikiana. Yakiwa nacho, kitoe, ukizidishe na kile cha nje: 3x mara 2y ni 6xy, na ndani inabaki 2x − 3y + 1.