Watazamaji walikimbia kabla ya kusikia bei

WAFANYABIASHARA wengi wanaotangaza bidhaa zao kwa video kwenye YouTube huangalia tarakimu moja tu, nayo ni idadi ya mara video ilivyotazamwa. Tarakimu hiyo ikiwa kubwa na simu za wateja zikawa chache, wengi hukata shauri haraka kwamba bei ndiyo mbaya, wakaishusha. Hapo ndipo fedha hupotea bila sababu, kwa kuwa huenda walio wengi hawakufika hata mahali bei ilipotajwa.

Kipimo cha kujua hilo kipo na hakina malipo. Mwenye chaneli hufungua YouTube Studio, akachagua video yake chini ya Content, kisha akaingia Analytics. Humo atakuta mchoro wenye maneno Key moments for audience retention. Mstari wa chini ni dakika na sekunde za video. Mstari wa wima ni asilimia ya waliokuwa bado wanatazama. Video mpya isisomwe siku hiyo hiyo, kwani takwimu za mchoro huu kwa kawaida huchukua siku 1 hadi 2 kuwa tayari.

Tuchukue mfano wa muuzaji wa mashine ndogo za kukamua alizeti. Tarakimu za mfano huu tumezipanga wenyewe ili hesabu iwe nyepesi. Muuzaji amemlipa mpiga picha shilingi 400,000 kwa video ya dakika 5. Video imetazamwa mara 2,000, na waliopiga simu ni 24. Anafikiria kupunguza bei ya kila mashine kwa shilingi 100,000. Kabla hajafanya hivyo, na tuusome mstari wake.

Maporomoko ya kwanza

Mstari unaanza kwenye asilimia 100 na kuteremka taratibu hadi 88 kwenye 0:09. Kufikia 0:15 umeanguka hadi 58. Katika muda wa sekunde 6 zimeondoka asilimia 30, yaani mara 600 kati ya zile 2,000.

Muuzaji anarudisha video kwenye 0:09 na kuitazama kwa sauti. Hapo mashine ilikuwa imeanza kuonekana, kisha ghafla ikakatizwa na nembo ya duka inayozunguka kwa sekunde 20 pamoja na muziki. Mtu aliyekuja kuona mafuta yakitoka aliletewa bango, akaondoka.

Hapa kuna jambo la kuangalia. Mtazamaji haondoki katika nukta ile ile inayomchosha. Huvumilia kidogo, akatafuta kidole cha kubonyeza, ndipo akatoka. Kwa hiyo kosa litafutwe sekunde chache kabla ya mstari kuanguka, si baada yake.

Bonde si kuondoka

Kutoka 0:15 mstari unatulia, ukashuka polepole hadi 44 kwenye 1:30. Kisha unazama hadi 31, lakini kwenye 2:12 umepanda tena hadi 42. Wasiouzoea mchoro huu husema watu wamekimbia. Sivyo. Aliyeondoka harudi katikati ya video kwa wingi namna hiyo. Mstari ukizama na kuinuka tena, maana yake watazamaji wameruka kipande hicho na kwenda mbele.

Walichokiruka ni maelezo ya historia ya duka. Walichokifuata ni alizeti ikimiminwa kwenye mashine. Bonde hilo linamwambia mwenye mali kwamba wateja wake wapo, wana hamu, ila hawataki maelezo hayo. Maporomoko ya 0:09 ni hasara ya kudumu, bonde la 1:30 ni usumbufu tu. Kwa mwenye fedha kidogo za kurekebishia, aanze na maporomoko.

Kilima kwenye bei

Kwenye 3:24 mstari uliokuwa 39 unapanda hadi 51, kisha unarudi 38. Hapo karatasi ya bei imeonyeshwa kwa sekunde 4. Watu hawakuwahi kusoma, wakarudisha nyuma, na wengine wakaruka moja kwa moja hadi hapo. Mchoro huhesabu kila mara kipande kinapotazamwa, na ndiyo sababu unaweza kupanda, na mahali pengine hata kupita asilimia 100. Kilima hakihesabu vichwa vya watu. Hapa kinasema kwamba bei ndiyo iliyotafutwa, na haikuonekana vizuri.

Sasa turudi kwenye shauri la muuzaji. Tuchukue kiwango cha kabla ya kilima, asilimia 39. Ni kama mara 780 tu zilizofika kwenye bei, na zaidi ya 1,200 ziliishia njiani. Simu 24 kwa 2,000 ni asilimia 1.2, lakini simu 24 kwa 780 ni kama asilimia 3. Mwenye duka alikuwa akiilaumu bei kwa wateja ambao hawakuisikia.

Aidha, theluthi mbili ya waliokuwapo 0:15 walifika kwenye bei, kwani 39 ni kama theluthi mbili ya 58. Nembo ikiondolewa na nusu tu ya wale 600 wakabaki, yaani 300, wakafuata mwendo ule ule, kama 200 zaidi wataiona bei. Kwa kiwango cha simu kilichopo, hizo ni simu kama 6, bila kupunguza hata shilingi moja.

Mahali mchoro unapodanganya

Kwanza, sekunde ya mchoro si sekunde kamili. YouTube huigawa video katika vipande 100, iwe fupi au ndefu. Video ya dakika 5 ina sekunde 300, hivyo kila nukta ni sekunde 3. Video ya dakika 20 ina nukta ya sekunde 12, na ndani ya sekunde 12 yanaweza kusemwa mengi. Anayedai kukuonyesha sekunde yenyewe katika video ya saa nzima anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Pili, matangazo ya kulipia. Ikiwa video imesambazwa kama tangazo linaloweza kurukwa, kitufe cha kuruka hutokea baada ya sekunde 5, na mstari utaanguka hapo hata video ikiwa nzuri. Watazamaji wa kulipiwa wasomwe mbali na waliokuja wenyewe. Wakichanganywa, utarekebisha kisicho kibovu.

Tatu, uchache. Video iliyotazamwa mara 40, kila mtazamaji ni asilimia 2.5. Wawili wakipigiwa simu kwa wakati mmoja, mstari unashuka asilimia 5, na hakuna somo lolote hapo.

Mwisho, mchoro huonyesha mahali, hausemi sababu. Sababu hukisiwa kwa kutazama video yenyewe, na dhana hupimwa kwa kubadili kitu kimoja. Muuzaji wetu atoe video ya pili isiyo na nembo, mengine yote yabaki, bei ikiwemo. Mstari ukipita 0:15 bila kuanguka, nembo ndiyo iliyokuwa na hatia. Ukianguka pale pale, basi achunguze kichwa cha habari na picha ya jalada, kama viliahidi kitu ambacho video haikukitoa. Suala la kushusha bei lisubiri hadi hapo.