Pesa na Umri (Sehemu ya Pili): Miaka Saba ya Mwanzo

Wiki iliyopita tulieleza kipande cha mfuko wa uwekezaji wa pamoja ni nini, na bei yake hupatikanaje. Leo naweka hapa maneno niliyowaambia wenzangu kazini kwenye mkutano wa SACCOS yetu. Vijana kadhaa walikuwa wamenieleza kwamba wataanza kuwekeza "wakishatulia", na wengi wao walikadiria kutulia huko kutafika wakiwa na miaka 40. Nimeyaacha karibu kama yalivyosemwa.

Ndugu wafanyakazi wenzangu, sikuja kuzungumzia utajiri. Nimekuja kuzungumzia shilingi 50,000 kwa mwezi, yaani 600,000 kwa mwaka, na umri wa mtu anayeziweka.

Tuwachukue mapacha, Kulwa na Doto. Mshahara wao ni mmoja, na wote watastaafu wakifika miaka 60. Kulwa anaanza kuweka akiwa na miaka 25. Doto anasubiri hadi 40, kisha anaweka kiasi kilekile bila kukosa. Tuchukulie kwamba fedha zao zinakua kwa asilimia 10 kwa mwaka na hakuna anayegusa faida. Siku ya kustaafu, Doto ameweka milioni 12 na anakuta milioni 34 na kidogo. Kulwa ameweka milioni 21, na anakuta milioni 162.

Naona mhasibu wetu anatikisa kichwa. Anajua miaka 15 ya ziada ya Kulwa ni milioni 9 tu za kuweka, na anauliza hizo nyingine zimetoka wapi. Zimetoka mwanzoni. Chukueni michango ya Kulwa ya miaka saba ya kwanza, kuanzia 25 hadi 32. Jumla yake ni milioni 4.2. Akifika 32, pamoja na faida, zimekuwa milioni 5.7, kiasi ambacho hakimshangazi mtu. Lakini hizo milioni 5.7 zikiachwa zilipo miaka 28 iliyobaki, zinafika milioni 82. Ni nusu ya fedha zote atakazopewa Kulwa. Miaka 28 yote inayofuata, pamoja na jasho lake, ndiyo inayoleta nusu ya pili.

Sababu yake ni kwamba faida ya mwaka huu inaingia kwenye mtaji, na mwaka ujao nayo inazaa. Kwa asilimia 10, fedha hujirudia mara mbili kwa kila miaka saba na miezi michache. Shilingi ya miaka 25 inajirudia hivyo karibu mara tano kabla ya kustaafu. Shilingi ya miaka 40 haifikishi mara tatu.

Ndiyo maana kosa kubwa la kijana si kuweka kidogo, ni kutoa. Hapa kwetu miaka ya 32 ndiyo miaka ya harusi, kiwanja na gari la kwanza. Akaunti ina milioni 5.7, na mtu anasema, "Hizi zitanimalizia mahari, nitaanza upya." Ataanza upya kweli, lakini atakuwa ametoa nusu ya uzee wake kwa bei ya milioni 5.7. Mwenye harusi mbele yake aifungulie akaunti ya harusi, mbali na hii.

Sasa tumgeukie Doto, maana hapa ndipo kuchelewa kunapouma kwa namna nyingine. Ili amfikie Kulwa kwa asilimia 10 hiyohiyo, anahitaji kuweka karibu shilingi 237,000 kila mwezi, akiwa na ada za shule na wazazi wanaozeeka. Asipozipata, akabaki na elfu hamsini yake, atahitaji asilimia 23 kila mwaka kwa miaka 20 mfululizo. Hakuna mfuko wa halali unaoweza kumwahidi hivyo. Anayeahidi ni mwenye upatu. Mnakumbuka DECI, iliyoporomoka mwaka 2009: watu "walipanda mbegu" wakitegemea kuvuna maradufu, na malipo ya wa kwanza yalitoka kwenye mifuko ya waliokuja nyuma. Nadhani wengi walioingia hawakuwa na tamaa kuliko sisi. Walikuwa na haraka.

Mwenzetu mmoja wa stoo aliuliza swali ambalo ndilo la maana kuliko yote: milioni 162 za miaka 35 ijayo zitanunua nini? Ni kweli. Bei zikipanda kwa asilimia 5 kwa mwaka, milioni hizo 162 zitakuwa na uwezo wa kununua wa milioni 29 au 30 za leo. Za Doto zitakuwa kama milioni 6. Na kuna miaka mibaya zaidi: Desemba 2011 mfumuko wa bei nchini ulikaribia asilimia 20, na mwaka kama huo asilimia 10 yako ni hasara.

Dawa yake ni moja. Mchango upande pamoja na mshahara. Kulwa akiongeza asilimia 5 kila mwaka, anafikia karibu milioni 50 kwa thamani ya fedha za leo. Doto, akianza na kiasi chenye uzito wa elfu hamsini ya leo na kukiongeza hivyohivyo, anaishia chini ya milioni 20. Pengo limepungua kutoka karibu mara tano hadi chini ya mara tatu. Nasema hivi ili mtu asiwauzie milioni 162 kama vile ni za leo.

Hata hiyo asilimia 10 si ahadi. Hatifungani ya serikali ya miaka 25, ilipoanza kuuzwa mwaka 2021, ilikuwa na riba ya asilimia 15.95. Mwaka uliofuata zilizotolewa mpya zikashushwa hadi 12.56. Halafu hatifungani hukulipa riba kila baada ya miezi sita, inaingia benki kwako. Ukiila, hesabu yote niliyoifanya imekufa, kwa sababu hakuna faida inayozaa faida. Na ili kununua kwenye mnada wa Benki Kuu unahitaji angalau shilingi milioni moja. Kwa mwenye elfu hamsini, Mfuko wa Umoja wa UTT AMIS, uliopo tangu 2005, unafaa zaidi: haugawi gawio, faida inabaki ndani ya bei ya kipande. Wanaojiepusha na riba waangalie sukuk na hisa za kampuni zinazokubalika kwao. Hesabu ya muda ni ileile.

Wapo wasiopaswa kuanza mwezi huu. Kama una mkopo wa mshahara wa asilimia 15 au 16, kuulipa ni kupata asilimia 15 bila hatari yoyote, kwa hiyo maliza kwanza. Na kama huna akiba ya dharura ya miezi mitatu, ugonjwa wa kwanza ndio utakaokuja kuvitoa vipande vyako.

Wengine wote mlio chini ya miaka 30, nendeni mkaweke amri ya kudumu benki, itoe siku mbili baada ya mshahara, na kila Julai mwongeze kidogo. Ninyi wa 40, mkiwemo wakubwa zangu hapa mbele, wekeni kubwa kadiri mnavyoweza, na atakayewaahidi asilimia 23 kwa mwaka, muulizeni kwanza leseni yake ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana.