Uso wa kwanza hukaa kulia

Karatasi ya kadi ya harusi, kabla ya kukunjwa, humdanganya macho anayeipanga kwa mara ya kwanza. Chukua mfano wa familia ya Kanzenze, wilayani Rubavu, inayotaka kadi ya A5 iliyokunjwa mara moja. Karatasi hiyo ikilazwa wazi ina upana wa milimita 210 na urefu wa 148. Upande wake wa nje, uso wa mbele hukaa kulia na mgongo wa kadi hukaa kushoto. Anayeanza kupanga kushoto kwa mazoea ya kusoma huishia na namba za simu mbele na majina ya maharusi nyuma.

Kinga yake ni karatasi tupu. Ikunjwe, iandikwe 1 hadi 4 kwa mpangilio wa kusomwa, kisha ifunguliwe: nje itaonekana 4 na 1, ndani 2 na 3.

Maneno hufuata namba hizo. Kwenye 1 huwekwa majina ya maharusi na tarehe. Kwenye 2 husema familia mbili, kwa kuwa ndizo zinazoalika. Ukurasa wa 3 ni wa ratiba: gusaba no gukwa nyumbani kwa bibi harusi, ibada, kisha tafrija. Saa ziandikwe kwa mtindo mmoja. Mgeni akisoma "saa 8 mchana" mstari mmoja na "14:00" mwingine, atapiga simu kuuliza. Simu na maelekezo ya njia hubaki kwenye 4.

Sasa pambizo, mahali ambapo kadi nyingi huharibikia. Kosa la kawaida ni kuweka jina katikati ya karatasi nzima, na mkunjo ukalipasua. Kila uso una upana wa milimita 105, hivyo kitovu chake kiko milimita 52.5 kutoka ukingoni. Ukiacha milimita 8 pande zote, maneno yanabaki na eneo la 89 kwa 132, mbali na kisu na mbali na mkunjo.

Rangi inayofika hadi ukingoni inadai zaidi: ivuke mstari wa kukatia kwa milimita 3 kila upande, na faili liwe 216 kwa 154. Hapo A4 moja haitoshi tena kadi mbili, kwa sababu upana wake ni 210 tu. Kwenye karatasi kubwa ya SRA3, yenye 320 kwa 450, kadi nne kama hizo huingia. Duka lenye printa ya A4 pekee ni heri libuni kadi yenye ukingo mweupe, hupendeza vilevile.

Kwa kuwa karatasi imelala, printa iamriwe kugeuza kwa ukingo mfupi. Ikigeuza kwa ule mrefu, ratiba hutoka kichwa chini. Nakala moja ya majaribio, ikikunjwa na kuinuliwa dirishani, huonyesha papo hapo kama kurasa za ndani zimesimama wima na kama pande mbili zimelingana.