Pochi Hii ni ya Nani?

"Pochi ya Chanel, OG, ngozi orijino, ina boksi na kadi yake. 45,000 tu. Mikoani tunatuma."

Matangazo ya namna hii yamejaa Instagram na kwenye magrupu ya WhatsApp. Tuseme hili limewekwa chini ya picha ya pochi nyeusi yenye mkanda wa mnyororo wa rangi ya dhahabu. Pochi yenyewe imenunuliwa kwa jumla Kariakoo, ni ya ngozi bandia, na haina nembo yoyote, nje wala ndani. Boksi lenye jina la Chanel lilinunuliwa kando. Ukimuuliza muuzaji, atakuapia kwamba hakutaka kumdanganya mtu: nani asiyejua kuwa Chanel halisi haiuzwi elfu arobaini na tano?

Huenda nia yake ni safi, ila mnunuzi haioni nia. Anasoma maneno, na tangazo hili fupi limesema uongo mara nne kabla halijafika kwenye bei.

Uongo wa kwanza umejificha kwenye neno dogo kuliko yote, "ya". Kwa Kiswahili neno hilo linafanya kazi nyingi: pochi ya ngozi, pochi ya harusi, pochi ya shangazi. Likifuatwa na jina la kampuni, msomaji anaelewa jambo moja tu, kwamba kampuni hiyo ndiyo iliyoitengeneza. Muuzaji atasema alimaanisha mtindo, lakini mtindo haukuandikwa. "OG" ni uongo wa pili, kwa kuwa kwa wanunuzi wa mtandaoni herufi hizo hazina tafsiri nyingine zaidi ya orijino. "Ngozi orijino" ni wa tatu, nao unauma mara mbili: ngozi si ngozi, na neno "orijino" likikaa karibu na "Chanel" linaipaka pochi nzima rangi yake. Boksi na "kadi yake" ni wa nne. Kadi ya nani, kama pochi haina mwenyewe?

Hata hivyo, kabla ya kurekebisha maneno, muuzaji anatakiwa kuikagua pochi yenyewe. Kuna pochi ambazo tangazo linaweza kuandikwa upya likawa safi, na kuna zile ambazo hakuna sentensi itakayozisafisha.

Pochi isiyosafishika ni ile iliyobeba alama ya kampuni ambayo haikuitengeneza. Alama si jina peke yake. Mwaka 1896 nyumba ya Louis Vuitton ya Ufaransa ilianza kutumia turubai lenye herufi LV na maua madogo, na sababu mojawapo ilikuwa kuwakomesha waliokuwa wakiiga masanduku yake. Mchoro huo nao ukageuka kuwa kitu kinachoigwa sana. Basi pochi yenye maua yaleyale bado imebeba alama ya mwenyewe, hata fundi akiziacha herufi. Ndivyo ilivyo pia kwa utepe wa Gucci wa kijani, nyekundu na kijani.

Hapa ndipo wauzaji wengi wakweli wanapojikwaa. Wanaandika wazi, "Jamani hii ni kopi, si orijino," kisha wanalala usingizi wakijua hawakumdanganya mteja. Ni kweli, mteja hakudanganywa. Lakini mwenye alama hakutoa ruhusa, na watu watakaoiona pochi kesho hawakulisoma tangazo.

Mashabiki wa Arsenal wana mfano wao wa jambo hili. Nje ya uwanja wa zamani wa Highbury, London, kulikuwa na mchuuzi aliyeuza skafu na fulana zenye jina na nembo ya klabu tangu mwaka 1970. Katika banda lake alitundika tangazo kubwa kueleza kwamba maneno na nembo hizo ni mapambo tu, na kwamba bidhaa rasmi ni zile tu zenye lebo rasmi za Arsenal. Klabu ilimshtaki. Kesi ikafika Mahakama ya Haki ya Ulaya, na Novemba 2002 majaji wakasema tangazo lile halimwokoi. Hoja yao moja ilikuwa rahisi: skafu ikishatoka bandani, tangazo linabaki nyuma, na anayeiona njiani anaweza kuamini kuwa imetoka kwa Arsenal. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliipa klabu ushindi.

Pochi nayo hutoka hivyohivyo. Inakwenda harusini na LV yake kifuani, huku maneno "jamani hii ni kopi" yakibaki kwenye simu ya aliyeiuza.

Sheria za hapa kwetu nazo hazisubiri mnunuzi alalamike. Nchini Kenya, Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi ya 2008 inamgusa mtu kwa kuuza na hata kwa kuwa na bidhaa hizo kwa ajili ya biashara. Kosa la kwanza linaweza kumfunga hadi miaka 5, au kumtoza faini isiyopungua mara tatu ya bei ya rejareja ya bidhaa, au vyote viwili. Tanzania Bara, kazi hiyo hufanywa na Tume ya Ushindani, FCC, kwa kutumia Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963. Kwa pochi ya namna hiyo, tangazo sahihi ni kutokuwa na tangazo.

Pochi yetu ya Kariakoo, kwa bahati, haina alama. Ina miraba iliyotuna kwa ushonaji na mkanda wa mnyororo, mambo ambayo Chanel iliyapa umaarufu kwa pochi yake ya 2.55, iliyopewa jina hilo kwa kuwa ilitoka Februari 1955. Tangu hapo watengenezaji wengi wamefuata ushonaji huo kwa majina yao wenyewe. Tahadhari ipo, kwani kuna maumbo ambayo nayo yamesajiliwa. Umbo la Birkin ya Hermès, pamoja na mikanda na kifuniko chake, lilisajiliwa Marekani mwaka 2011. Lakini miraba na mnyororo pekee havimfanyi mtu kuwa mwizi wa alama.

Sasa aandike nini? Wengi hukimbilia "kama Chanel", "mtindo wa Chanel" au "Chanel kopi namba moja", wakiona kwamba kwa kukiri uigaji wamekuwa wakweli. Maneno hayo hayatoshi. Kwanza, kwenye simu watu husoma kwa kuruka, na jicho linadaka jina kubwa na kuliacha neno dogo lililotangulia. Pili, jina linafanya kazi ya kuuza bila mwenyewe kulipwa. Mwaka 2009 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kesi ya L'Oréal dhidi ya wauzaji wa marashi ya bei nafuu, waliokuwa na orodha inayoonyesha yapi yananukia kama yapi maarufu. Hakuna mnunuzi aliyedhani amepata marashi halisi, na bado mahakama iliona kuwa wauzaji wananufaika isivyo haki na sifa ya jina la mwingine. Mtandao wa eBay nao unakataza kuweka jina la kampuni kwenye tangazo la kitu ambacho kampuni hiyo haikukitengeneza, hata kwa kulinganisha tu.

Kwa hiyo jina linatoka lote, na mahali pake panajazwa na pochi yenyewe:

"Pochi ndogo nyeusi ya ngozi bandia, imeshonwa kwa miraba iliyotuna. Mkanda ni mnyororo wa chuma wa rangi ya dhahabu, urefu sm 110. Upana sm 25, kimo sm 16, unene sm 7. Inafungwa kwa sumaku. Ndani ina bitana nyekundu na mfuko mmoja wa zipu. Haina nembo wala jina la kampuni. Mpya. Sh 45,000. Mikoani tunatuma."

Sentensi ya "haina nembo wala jina la kampuni" ndiyo iliyobeba mzigo. Inamjibu anayejiuliza kama ni ya Chanel, bila kuitaja Chanel. "Ngozi bandia" imewekwa mwanzoni ili isije ikasomwa pesa ikishatumwa. "Rangi ya dhahabu" nayo haiahidi dhahabu.

Kuna kinachopotea, na muuzaji atakihisi: anayetafuta "Chanel" hataliona tangazo hili. Lakini huyo ndiye hasa ambaye angeweza kuchanganyikiwa. Anayeandika "pochi nyeusi ya mnyororo" atalipata, naye anataka kile kilichopo.

Maneno yakishakuwa safi, yanaweza kuharibiwa na vitu vinavyoyazunguka. Alama ya reli kama #chanel chini ya tangazo inarudisha jina lililofukuzwa juu. Picha iliyochukuliwa kwenye tovuti ya kampuni inaonyesha pochi nyingine kabisa. Boksi lenye jina halina kazi hapa, hata kama halionekani pichani, kwa sababu mteja atalipokea.

Kisha kuna mazungumzo ya WhatsApp, ambako matangazo mengi mazuri huzama.

"Dada, hii OG?"

"Ndiyo mpenzi, OG kabisa, wahi zimebaki mbili."

Jibu hilo limefuta kila kilichoandikwa kwa uangalifu. Jibu linalolingana na tangazo ni hili: "Hapana mpenzi, haina jina la kampuni. Ni ngozi bandia, vipimo nimeviandika hapo juu." Mazungumzo ni sehemu ya tangazo, na mteja anaweza kuyapiga picha na kuyahifadhi.

Kwa anayeuza pochi halisi iliyotumika, mambo ni tofauti. Huyo anaruhusiwa kulitaja jina, maana ni la kweli, ila aandike anachokijua na alivyokijua: "Louis Vuitton, imetumika, ilinunuliwa 2019 kwenye duka la kampuni, risiti ipo, pembe moja imechubuka." Kusema "mtumba wa Ulaya gredi A" hakuthibitishi lolote, kwani feki pia huvaliwa Ulaya na kutupwa kwenye marobota. Na kama pochi ina nembo lakini muuzaji hana hakika nayo, "sijui kama ni OG, amua mwenyewe" si njia ya kutokea. Hiyo nayo eBay haikubali, na mnunuzi hana darubini. Pochi hiyo ipelekwe kwanza kwa mtu anayeweza kuikagua, au isitangazwe.

Katika lile tangazo la mwanzo, basi, yaliyostahili kubaki ni machache: neno "pochi", bei, na "mikoani tunatuma".