Kwa Nini Programu Hukosea Saa Tisa Usiku

Saa ya kompyuta huanza kuhesabu usiku wa manane, kutoka 0 hadi 23. Saa ya Kiswahili huanza jua linapochomoza. Kwa hiyo 7 ya kompyuta ni saa moja asubuhi, na 13 ni saa saba mchana. Anayetaka programu yake itaje saa kwa Kiswahili huiona njia mara moja: toa 6, gawanya kwa 12, chukua kinachobaki, kisha kitafute kwenye orodha ya majina. Kwa lugha ya JavaScript, kazi yote ni mistari michache:

```
const saa = ["kumi na mbili", "moja", "mbili", "tatu",
  "nne", "tano", "sita", "saba", "nane", "tisa",
  "kumi", "kumi na moja"];
let jina = saa[(h - 6) % 12];
```

Orodha ya namna hii huitwa safu, na nafasi zake huhesabiwa kuanzia 0; ndiyo maana "kumi na mbili" imewekwa mwanzoni. Alama `%` huitafuta baki. Jaribu 7: toa 6, inabaki 1, jina ni "moja". Jaribu 18: toa 6, unapata 12, baki ni 0, jina ni "kumi na mbili", yaani jioni. Jaribu 23 upate "tano". Kila kitu ni sawa.

Sasa jaribu 3, yaani saa tisa usiku. Ukitoa 6 unapata hasi 3. Tunachotarajia ni kwamba hesabu itazunguka irudi nyuma kupitia mwisho wa safu na kufika nafasi ya 9. JavaScript haifanyi hivyo. Inajibu kwamba baki ni hasi 3, inatafuta nafasi ya hasi 3 ambayo haipo, na kwenye kioo linatokea neno `undefined`. Hitilafu hii hujitokeza kuanzia saa sita usiku hadi kabla ya saa kumi na mbili asubuhi tu. Aliyeiandika programu mchana na kuijaribu mchana hatakutana nayo kamwe. Atakayekutana nayo ni abiria anayesubiri basi la alfajiri.

Chanzo chake ni swali ambalo hesabu za shuleni hulipita haraka. Tunafundishwa kwamba namba inayogawanywa ni sawa na kigawanyo mara jibu, kisha uongeze baki. Kanuni hiyo ni kweli, lakini kwa namba hasi haitoshi kuchagua jibu moja. Chukua hasi 3 ugawanye kwa 12. Unaweza kusema jibu ni 0 na baki ni hasi 3. Unaweza pia kusema jibu ni hasi 1 na baki ni 9, kwa kuwa hasi 12 ukiongeza 9 unapata hasi 3. Yote mawili yanatimiza kanuni. Tofauti iko kwenye ile robo yenye alama ya hasi (hasi 3 juu ya 12 ni hasi 0.25), na upande unaoikatia ili upate namba kamili. Ukiikata kuelekea sifuri, baki hufuata alama ya namba inayogawanywa. Ukiishusha daima kuelekea chini kwenye mstari wa namba, baki hufuata alama ya kigawanyo.

C, Java, JavaScript, Go na Rust hukata kuelekea sifuri. Python na Ruby hushuka chini. Kwa hiyo mstari uleule, `(h - 6) % 12`, ni sahihi kwenye Python usiku na mchana, na ni kosa kwenye Java. Anayehamisha programu kutoka lugha moja kwenda nyingine kwa kunakili alama kwa alama huuleta ugonjwa bila kubadilisha hata tarakimu moja.

Kila upande una sababu zake. Kiwango cha kwanza cha lugha ya C, cha mwaka 1989, kiliacha jambo hili liamuliwe na mashine, ili programu isilipie gharama ya ukaguzi wa ziada. Kiwango cha 1999 kiliamua kuelekea sifuri, kwa kufuata Fortran, ambayo watu wa hesabu za kisayansi walikuwa wameizoea. Guido van Rossum, aliyeiunda Python, alieleza mwaka 2010 kwa nini alichagua kushuka chini, na mfano wake ulikuwa wa saa pia. Kompyuta nyingi huhesabu sekunde tangu mwanzo wa 1970, na siku moja ina sekunde 86,400. Ukitaka kujua saa ya siku, chukua baki. Lakini muda wa kabla ya 1970 ni namba hasi, na kwa kanuni ya kukata kuelekea sifuri jibu halina maana. Kwa maoni yangu, kwa kitu chochote kinachozunguka, iwe saa, siku za juma au nafasi za safu, chaguo la Python ndilo lililo bora.

Java husimamisha programu na kutangaza kwamba nafasi ya hasi 3 haimo. Hilo ni jambo jema, kwa sababu kosa linaonekana. C ni hatari zaidi, kwani inaweza kusoma kumbukumbu iliyo kabla ya safu na kuleta takataka. Ila hatari kubwa kuliko zote hutokea pale mwandishi wa C anapoiachia kompyuta ihesabu urefu wa safu:

```
size_t n = sizeof saa / sizeof saa[0];
puts(saa[(h - 6) % n]);
```

`size_t` ni aina ya namba isiyo na hasi. Ikikutana na hasi 3, hasi 3 hiyo hugeuzwa kwanza kuwa namba kubwa mno, yaani 2 kwa kipeo cha 64 ukitoa 3, kwenye mashine za biti 64. Sasa 2 kwa kipeo cha 64 ikigawanywa kwa 12 hubakiza 4. Ondoa 3, unabaki na 1. Programu itasema ni saa moja wakati ni saa tisa usiku. Saa zote sita za usiku huo zitasogea mbele kwa saa nne, bila onyo lolote kwenye kioo. Safu ingekuwa na nafasi 8 au 16, kosa lisingeonekana kabisa, kwa kuwa namba hizo hugawanya 2 kwa kipeo cha 64 bila kubakiza kitu. Kwa hiyo jaribio la safu ya nafasi 8 halithibitishi lolote kuhusu safu ya nafasi 12. Kompaila ya GCC hutoa onyo ukiiendesha na `-Wsign-conversion`.

Dawa ya jumla, kwa namba zenye alama, ni kuchukua baki, kuongeza kigawanyo, kisha kuchukua baki tena:

```
((a % n) + n) % n
```

Wengi huongeza `n` mara moja tu kabla ya kugawanya. Hiyo inatosha ukirudi nyuma hatua chache, lakini ukitoa 30 kwenye 0 na kuongeza 12, bado uko hasi 18. Java ina `Math.floorMod` tangu toleo la 8, na Rust ina `rem_euclid`, zitumie. Kwa saa yetu kuna njia nyepesi zaidi: kurudi nyuma saa 6 kwenye duara la 12 ni sawa na kwenda mbele saa 6. Andika `(h + 6) % 12`, na hasi haitatokea katika lugha yoyote.

Vyovyote utakavyochagua, usiijaribu programu kwa saa iliyo ukutani. Ipe namba zote kuanzia 0 hadi 23, uyasome majibu yote 24 kabla hujaikabidhi kwa watu.