Mealy au Moore: Swali ni Nani Anausoma Waya

Chukua kitufe na kihesabio. Kila kitufe kinapobonyezwa, kihesabio kiongeze moja tu, hata kidole kikikaa pale nusu sekunde nzima. Ndani ya chipu yenye saa ya megahezi 50, mpigo wa saa hufika kila baada ya nanosekunde 20, kwa hiyo nusu sekunde hiyo ni mipigo milioni 25. Kihesabio kikiunganishwa na kitufe moja kwa moja, kitaongeza moja kwa kila mpigo. Lazima pawe na saketi ndogo katikati, yenye kukumbuka kama kitufe tayari kimeshikwa, itakayotoa ishara ya mpigo mmoja kisha inyamaze.

Saketi ya namna hiyo huitwa mashine ya hali. Hali yake huhifadhiwa katika rejista za biti moja moja, ambazo hubadilika saa inapopiga tu. Kinachobaki kuamuliwa ni jinsi ya kutoa jibu. George Mealy, katika makala yake ya mwaka 1955, alilifanya jibu litegemee hali pamoja na kile kinachoingia wakati huohuo. Edward Moore, mwaka 1956, alilifanya litegemee hali peke yake. Wote wawili walifanya kazi katika maabara za Bell, Marekani.

Kwa kitufe chetu, Mealy anahitaji hali mbili: PUMZIKA na SHIKWA. Moore anahitaji tatu, kwa sababu lazima awe na hali maalumu ya kutolea jibu: PUMZIKA, TOA, kisha SUBIRI mpaka kidole kiondoke. Mistari ya jibu inaonyesha tofauti yote:

```
assign jibu_mealy = (hali == PUMZIKA) & kitufe;
assign jibu_moore = (hali == TOA);
```

Katika mstari wa kwanza kitufe kimo ndani ya jibu. Kikibonyezwa, jibu hupanda palepale bila kungoja saa, na saa ikipiga hali inakuwa SHIKWA na jibu linashuka. Moore hungoja saa ipige ndipo aingie TOA, halafu jibu lake hudumu nanosekunde 20 kamili. Kwa hiyo Mealy hutangulia kwa mpigo mmoja, na wengi huishia hapo: Mealy mwepesi, Moore mzito. Mimi naona huo ni mwanzo tu wa hesabu.

Kidole hakijui saa ya chipu. Kikibonyeza nanosekunde 13 baada ya mpigo, jibu la Mealy litakuwa na upana wa nanosekunde kama 7. Kikibonyeza nanosekunde 1 kabla ya mpigo, hapo kuna hatari. Njia ya kwenda kwenye rejista ya hali inaweza kuwa fupi kuliko njia ya kwenda kwenye kihesabio. Rejista ya hali itaona kitufe na kuhamia SHIKWA, ilhali kihesabio bado hakijapata habari. Saa imeshapiga, jibu linafutwa, na ule mbonyezo umepotea. Mtumiaji atasema kitufe kinakataa mara mojamoja, na fundi atakisafisha kitufe kisicho na kosa.

Dawa yake inajulikana: pitisha kitufe kwenye rejista mbili zilizofuatana kabla hakijaifikia mashine, na mitetemo ya chuma cha kitufe ichujwe pia. Moore naye anazihitaji rejista hizo. Baada ya hapo kitufe, kwa macho ya mashine, hubadilika mara tu baada ya saa kupiga. Jibu la Mealy sasa lina karibu mpigo mzima wa kutulia, na kihesabio kinachotumia saa ileile hulisoma mwishoni. Likitetemeka katikati, hakuna anayejali, mradi limetulia kabla ya mpigo unaofuata.

Muda wenyewe ndio unaoweza kuisha. Tuseme, kwa mfano tu, badala ya kitufe kuna saketi nyingine inayotoa ishara yake nanosekunde 9 baada ya saa. Mageti ya Mealy yanachukua 4, saketi inayofuata inachukua 8, na rejista ya mwisho inataka ishara iwe imetulia nanosekunde 1 kabla ya mpigo. Jumla ni 22, na sisi tuna 20. Kwa Moore njia hiyo inakatwa katikati na rejista ya hali. Kipande cha kwanza ni 9, 4 na 1, yaani 14. Kipande cha pili kinaanza upya: 1 ya rejista, 2 za kuisoma hali, 8, na 1 ya mwisho, yaani 12. Kila kipande kinaenea ndani ya 20. Ule mpigo mmoja wa kuchelewa umenunua nafasi hiyo. Na Mealy wawili wakisikilizana, jibu la huyu likiwa ingizo la yule na la yule likiwa ingizo la huyu, unaweza kupata mduara wa mageti usio na rejista hata moja, ambao huenda usitulie kabisa.

Je, Moore ni msafi daima? Hapana. Mpe hali zake namba hizi: PUMZIKA 00, TOA 01, SUBIRI 11. Kidole kikiondoka, mashine inatoka 11 kwenda 00, na biti mbili zinatakiwa kushuka pamoja. Haziwezi kushuka sawasawa kabisa. Biti ya kushoto ikitangulia kidogo, kwa muda huo mfupi mageti yanaona 01, nayo ndiyo TOA. Jibu hurukaruka wakati kitufe kinaachiwa, bila mtu kubonyeza. Kihesabio cha saa ileile hakitaiona glichi hiyo. Lakini waya huohuo ukitumika kama saa ya saketi nyingine, au kama waya wa kufuta rejista, au wa kuamuru kumbukumbu isiyotumia saa iandike, nanosekunde moja yaweza kutosha kuharibu.

Badili namba: SUBIRI iwe 10, na jibu liwe ile biti ya kulia yenyewe, bila geti. Sasa linatoka moja kwa moja kwenye rejista na halina pa kurukia. Ila programu za kuunda saketi hupenda kuzibadili namba za hali zenyewe, hivyo mimi hupendelea kulipa jibu rejista yake:

```
always @(posedge clk)
  jibu <= (hali == PUMZIKA) & kitufe;
```

Huyu ni Mealy wa hali mbili aliyewekewa rejista. Jibu lake hutoka kwenye mpigo uleule ambao Moore angetoa lake, na ni safi. Kwa waya wowote unaotoka nje ya chipu, naona ndiyo njia ya kuanza nayo.

Kuikamata glichi ni kazi nyingine. Uigaji wa kawaida kwenye kompyuta hautilii maanani ucheleweshaji wa mageti, kwa hiyo hautaionyesha. Unahitaji uigaji wenye muda wa mageti. Kichunguzi kilichomo ndani ya chipu, kikisoma kwa saa ileile, nacho hakioni kitu. Osiloskopu ya megahezi 100 hupanda kwa nanosekunde kama 3.5, hivyo mruko wa nanosekunde 1 utaonekana kama kilima kidogo, au usionekane. Njia rahisi ni kuuunganisha waya unaoshukiwa na mlango wa saa wa rejista ya ziada ambayo ingizo lake ni 1 daima. Ifute, achia kitufe, kisha isome. Ikiwa imegeuka kuwa 1, kuna mruko uliopita. Ikibaki 0, bado unaweza kuwepo mfupi kuliko ule ambao rejista hiyo inaweza kuunasa.